Maswali mawili ya goti la mbwa

Hotuba kwa madaktari vijana wa wanyama na wenye mbwa

Ndugu zangu, madaktari wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliokuja hapa kwa sababu nyumbani mna mbwa anayechechemea: shikamooni mlionizidi umri, na wengine hamjambo.

Nianze na mama mmoja aliyeingia chumbani kwangu akiwa amelia njia nzima. Mbwa wake, Tausi, labrado jike wa miaka mitano, nilikuwa nimempasua goti la kulia wiki kumi na moja kabla ya siku hiyo. Alikuwa anaendelea vizuri, anapanda ngazi, anasimama kwa miguu yote minne. Kisha akapelekwa kwingine kwa chanjo. Daktari aliyempokea akamlaza ubavu, akalishika goti, akausukuma muundi kwenda mbele, na muundi ukaenda. Akasema, "Mama, upasuaji huu umeshindikana. Goti bado limelegea."

Daktari yule hakukosea alichokihisi. Nilipomshika Tausi siku ile, muundi ulikwenda mbele hata mikononi mwangu. Ulikwenda pia siku niliyompasua, akiwa bado mezani, nyuzi za mwisho zikiwa zimefungwa. Kilichokosewa ni maana ya kule kwenda. Na sehemu ya kosa ilikuwa yangu, maana kwenye karatasi ya ruhusa sikuandika neno hata moja kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo leo nitazungumzia vipimo viwili tu vya goti, cha droo na cha msukumo wa muundi. Watu wengi huvifanya kana kwamba ni kimoja chenye mitindo miwili. Ukishaona kwamba kila kimoja kinauliza swali lake, utaelewa pia kwa nini pasuaji za goti hili zinatofautiana.

Tuliangalie goti lenyewe. Mbwa hasimami kama sisi, mguu umenyooka. Akisimama, goti lake limekunjika, pembe yake ikiwa kama digrii 135. Na uso wa juu wa muundi, pale mfupa wa paja unapokalia, haukulala sawa; una mteremko wa kwenda nyuma, ambao kwa mbwa wengi ni kama digrii 25. Fikirini mkokoteni uliosimamishwa kwenye kilima, umefungwa kamba usishuke. Mbwa akikanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kwenda nyuma na chini, au tuseme kwa upande wa pili, muundi unataka kuchomoka mbele. Kamba inayozuia ni ligamenti ya msalaba ya mbele, iliyo katikati ya goti. Inafanya kazi hiyo kila hatua, siku nzima. Kazi zake nyingine ni kuzuia muundi usijipinde kwenda ndani na goti lisinyooke kupita kiasi.

Kwa mchezaji wa mpira, ligamenti kama hii hukatika kwa ajali moja, uwanjani, watu wakiona. Kwa mbwa walio wengi sivyo. Huchakaa taratibu, nyuzi zake zikikatika chache chache kwa miezi, mpaka siku moja anaruka kidogo tu na kilichobaki kinaachia. Ndiyo maana mwenye mbwa hukuapia kwamba hakuanguka wala hakugongwa, na anasema kweli. Na ndiyo maana goti la pili nalo liko hatarini, kwa kuwa ugonjwa uliokula la kwanza unaendelea pia upande wa pili.

Sasa Tausi. Mara ya kwanza aliletwa kwa kuchechemea kwa wiki tatu: akipumzika anapata nafuu, akikimbia kunarudi. Alikuwa na kilo 34. Nilimshika goti akiwa macho, naye akiwa na hofu, misuli ya paja imekakamaa kama ubao. Sikuhisi kitu. Nikaandika kwamba goti ni zima, nikahisi labda ni nyonga, nikampa dawa ya maumivu. Alirudi baada ya wiki tano, na safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilimtazama kabla ya kumgusa. Alipoambiwa akae, hakukunja mguu wa kulia chini ya mwili, aliutupa pembeni. Nilipopitisha vidole upande wa ndani wa goti, chini kidogo ya kiungo, nilikuta uvimbe mgumu kama kitufe kilichoshonewa chini ya ngozi. Ule ni unene wa tishu ambao mwili hujijengea goti linapoyumba kwa muda mrefu. Upande wa kushoto haukuwa nao. Na pembeni mwa kano ya pia ya goti, pale ambapo kwa kawaida kingo zake zinahisika wazi, kulikuwa kumejaa maji.

Nikampa dawa ya kumlegeza, nikangoja mpaka misuli ikawa laini. Vijana wangu, hapa nawaomba msifanye haraka. Mbwa mwenye misuli aliye macho anaweza kulishikilia goti lililokatika kabisa, ukasema ni zima.

Kipimo cha droo kinafanywa hivi. Mbwa amelala ubavu, mguu mgonjwa uko juu. Mkono mmoja unashika mwisho wa mfupa wa paja: kidole gumba kinakaa nyuma, juu ya kile kijifupa cha upande wa nje kiitwacho fabela, na kidole cha shahada kinakaa juu ya pia ya goti. Mkono wa pili unashika muundi: gumba nyuma ya kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, shahada juu ya nundu ya mbele ya muundi. Vidole vyote vinne viwe juu ya mfupa. Ukishika nyama, ngozi itateleza na utadhani ni goti. Kisha unalituliza paja na kuusukuma muundi mbele moja kwa moja, bila kuuzungusha, kama mtu anayevuta mtoto wa meza. Hapo unauliza swali moja: je, kamba ipo?

Lakini uliza mara mbili, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Ligamenti hii ina mafungu mawili. Fungu la mbele upande wa ndani hukaza muda wote, goti likinyooka na likikunjwa. Fungu la nyuma upande wa nje hukaza goti linaponyooka tu, na likikunjwa linalegea. Kwa hiyo fungu la mbele likikatika peke yake, ukipima goti lililonyooka utakuta limetulia, kwa sababu fungu la pili bado linashikilia. Ukilikunja, muundi unatoka. Tausi alikuwa hivyo hasa. Mguu umenyooka, hakuna kitu. Nilipoukunja, muundi ulisogea kama milimita tatu, na mwisho wa mwendo ulikuwa laini, kama kuvuta kamba iliyofungwa kwenye godoro. Huo ulaini wa mwisho ni wa kuutilia maanani kuliko milimita zenyewe. Mtoto wa mbwa mwenye goti zima naye ana mwendo wa milimita chache, ila wake hugota ghafla, tap, kwa sababu kamba ipo na imefika mwisho wake.

Kipimo cha pili, cha msukumo, kilielezwa na Henderson na Milton mwaka 1978. Hapa huusukumi muundi wewe. Unashika paja kwa mbele, unanyoosha kidole cha shahada kipite juu ya pia na kano yake mpaka ncha itue kwenye nundu ya muundi. Goti unaliweka kwenye pembe ya kusimama na unalizuia lisikunjike. Kisha kwa mkono wa pili unashika wayo na kukunja kifundo cha chini. Msuli wa nyuma ya muundi unakaza, unaukandamiza mfupa wa paja juu ya muundi, kama vile mbwa amekanyaga chini. Kamba isipokuwepo, nundu inainuka na kuisukuma ncha ya kidole chako mbele. Ukiihisi mara moja hutaisahau. Swali hapa ni jingine: mbwa akikanyaga, je, mkokoteni unashuka?

Kwa Tausi siku ile msukumo haukuwepo, maana kwenye pembe ya kusimama fungu lililobaki lilikuwa bado linabeba. Nilimweleza mama kwamba fungu hilo nalo halitadumu. Akaomba muda wa kujipanga, na haki yake. Wiki mbili baadaye Tausi alishuka kwenye kiti, akalia, akainua mguu, hakuukanyaga tena. Safari hii droo ilikuwepo goti likiwa limekunjwa na likiwa limenyooka, msukumo ulikuwa wazi, na nilipokunja goti nilisikia mlio mdogo wa kitu kinachoruka. Mlio ule mara nyingi ni meniski ya ndani, kile kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mchanga. Pembe yake ya nyuma imeshikamana na muundi, kwa hiyo muundi ukichomoka mbele, pembe hiyo inakwenda nao na kusagwa chini ya mfupa wa paja. Lakini kutosikia mlio hakumaanishi kwamba meniski ni nzima. Anayetaka kujua hana budi kuingia ndani ya kiungo na kuangalia.

Tulipofika kwenye uchaguzi wa upasuaji, mama aliuliza, "Daktari, kwani huwezi kuishona tu hiyo kamba?" Ni swali la haki. Haishoneki, kwa sababu kilichokatika ni uzi uliooza, na ukifunga ncha mbili zilizooza zitaachia tena. Kwa hiyo kila upasuaji unaotumika unapita njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kuweka kamba mpya nje ya goti. Uzi mzito wa nailoni unazungushwa nyuma ya fabela ya nje, unapitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwenye nundu ya muundi, unakazwa. Upasuaji huu unajibu swali la droo. Ukimaliza kukaza, unapima pale pale mezani, na droo inapaswa kuwa imekwisha. Ikiwa bado ipo, uzi umelegea na ukazwe upya. Usikaze kupita kiasi nako, maana muundi utapindishwa kwenda nje. Udhaifu wake ni kwamba uzi hauko mahali ligamenti ilipokuwa, hivyo goti likikunjwa na kunyooka uzi unakaza na kulegea kwa zamu. Baada ya wiki kadhaa utanyooka au utakatika. Hilo linajulikana tangu mwanzo. Kinachotegemewa ni kwamba kufikia wakati huo mwili utakuwa umejenga kovu nene kuzunguka goti, na kovu ndilo litakaloshika kazi. Kwa mbwa mdogo mbio hizo baina ya uzi na kovu mara nyingi kovu linashinda. Kwa mbwa wa kilo 34 asiyekubali kutulia, uzi unabebeshwa mzigo mkubwa mapema mno.

Njia ya pili ilitangazwa na Barclay Slocum mwaka 1993, na kwenye fomu za hospitali huandikwa TPLO. Slocum hakutafuta kamba. Alisema kilima chenyewe kipunguzwe. Msumeno wenye meno ya duara unakata sehemu ya juu ya muundi, kipande kile kinazungushwa mpaka uso wake ukaribie kulala sawa, kisha kinafungwa kwa bamba na skrubu. Mteremko wa Tausi kwenye eksirei ulikuwa digrii 27, na nilitaka kuufikisha 5. Kwa msumeno wa nusu kipenyo cha milimita 24, kuzungusha digrii 22 ni sawa na kusogeza ukingo wa mfupa kama milimita 9. Nilipiga alama mbili kwenye mfupa kwa umbali huo, nikazungusha mpaka zikakutana.

Kwa hesabu ya mkokoteni, kwenye mteremko wa digrii 27 karibu asilimia 45 ya uzito unaoshuka juu ya muundi inageuka kuwa msukumo. Kwenye digrii 5 inabaki kama asilimia 9. Goti halisi lina misuli na ni tata kuliko mkokoteni, ila mwelekeo ndio huo. Hatufiki sifuri kwa makusudi, kwa sababu mteremko ukiisha kabisa mzigo unahamia kwenye ligamenti ya msalaba ya nyuma, ambayo bado ni nzima na tunaihitaji.

Kabla ya kukata mfupa nilifungua kiungo. Meniski ya ndani ilikuwa imepasuka kwa urefu, kipande kimejikunja mbele kama mpini wa ndoo. Nilikiondoa kipande hicho na kuacha sehemu nzima.

Sasa mtaona jibu la yule mama liko wapi. Baada ya TPLO, kamba haipo. Hakuna aliyeirudisha. Ukipima droo, unauliza kama kamba ipo, na goti linakujibu kwa ukweli: haipo, muundi unakwenda. Ukipima msukumo, unauliza kama mkokoteni unashuka mbwa akikanyaga, nalo linakujibu: haushuki. Nilimwonyesha mama. Nilikishika kidole chake mwenyewe, nikakiweka juu ya nundu ya Tausi, nikakunja kifundo cha chini. Nundu haikusogea. Kisha nikamwonyesha kipimo hicho hicho kwenye picha ya video niliyokuwa nimeichukua kabla ya upasuaji, pale nundu inaporuka mbele. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mguu haukutengenezwa kushikwa, umetengenezwa kukanyagiwa." Sijapata maneno bora kuliko hayo.

Ipo njia ya tatu, TTA, iliyotoka Zurich kwa Montavon na Tepic mwaka 2002. Hii inauacha mteremko ulivyo na kuisogeza nundu mbele, ili kano ya pia ivute kwa pembe ya digrii 90 na uso wa muundi. Mbwa akikanyaga, msuli wa mbele wa paja unakaza, na mvuto wake hauuchomoi tena muundi. Angalieni hapa: ulinzi huu unahitaji msuli uliokaza. Mbwa akiwa amelala kwa dawa msuli umelegea, kwa hiyo hata kipimo cha msukumo kinaweza kubaki na jibu la ndiyo wakati upasuaji umefaulu. Asiyejua goti limefanyiwa upasuaji gani hawezi kusoma kipimo chochote kati ya hivi viwili.

Ipi ni bora? Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliowagawa mbwa 80, wakubwa na wa kati, kwa bahati nasibu baina ya uzi wa nje na TPLO. Mwaka mmoja baadaye makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, lakini wa TPLO waliukanyagia mguu kwa nguvu zaidi, na wenye mbwa waliridhika zaidi. Kwa mbwa mkubwa mwenye mteremko mkali mimi nachagua kupunguza mteremko, na nasema hivyo bila kusita. Kwa mbwa wa chini ya kilo 15 sisemi hivyo. Utafiti wa Vasseur wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba zaidi ya wanne kati ya kila watano wa uzito huo walipona au walipata nafuu bila kupasuliwa, na kwa wakubwa ni kama mmoja kati ya watano. Kwa mdogo, mapumziko ya kweli na kupunguza uzito ni tiba ya kujaribiwa kwanza, mradi meniski haijapasuka.

TPLO nayo ina gharama yake. Umekata mfupa mzima, sasa lazima uunge. Kwa wiki nane za mwanzo mbwa anatembezwa kwa kamba tu, haruki, hapandi viti, mpaka eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeunga. Akiachiwa mapema, nundu inaweza kuvunjika au skrubu kulegea. Jeraha likitoa majimaji, au mguu ukaanza kuuma upya baada ya miezi ya uzima, fikiria maambukizi kwenye bamba. Na mbwa aliyekuwa anatembea vizuri akachechemea ghafla, hasa kukiwa na mlio ule, huenda meniski iliyoachwa nzima imepasuka baadaye. TPLO pia haizuii muundi kujipinda kwenda ndani, na wapo mbwa wachache ambao goti linaonekana kuruka kila wakikanyaga. Hayo ndiyo ya kutafuta mnapoambiwa upasuaji umeshindikana. Kama mbwa hachechemei na msukumo haupo, droo peke yake si ushahidi wa kushindikana.

Tangu siku ile, kila mbwa anayetoka kwangu ana mstari mmoja wenye wino mzito juu ya karatasi yake. Wa Tausi, baada ya kuandikwa upya, unasomeka hivi: "TPLO goti la kulia, mteremko kutoka 27 hadi 6. Meniski ya ndani imepunguzwa. Droo ipo na itabaki. Msukumo haupo, ukiuhisi, tupigie simu."

Miezi kumi na minne baadaye Tausi alirudi, safari hii kwa mguu wa kushoto. Mama alikuwa ameona siku mbili tu kwamba akikaa anautupa pembeni. Nilimlegeza kwa dawa siku ile ile. Goti lililonyooka lilitulia. Nilipolikunja, muundi ulitoka milimita mbili, mwisho wake laini. Tulimpasua wiki iliyofuata, na nilipofungua kiungo, fungu la nyuma lilikuwa bado limeshika na meniski ilikuwa nyeupe, nzima, haina hata mkwaruzo.